Balbu ya chaji, taa ya paneli ya mgongoni au taa ya paneli ya pembeni: ipi uchukue kama unakaa huku kwetu Mbeya

Hizi taa tatu zimekaa kwetu tangu mvua za mwaka jana zilipoanza, zikapita kipindi chote cha matope, zikaingia kwenye baridi la mwezi wa sita na wa saba, na sasa hivi vumbi limeshaanza tena. Zimezunguka nyumba mbili, nyumba yangu hapa Uyole ambako umeme wa Tanesco upo ila ndo hivyo tena, na nyumba ya mama kule upande wa Tukuyu ambako umeme upo kwa majirani wa barabarani ila kwake bado nguzo haijafika. Kwa hiyo nimeziona zikifanya kazi sehemu yenye jua na sehemu yenye mawingu, na majibu hayafanani kabisa, ndo maana nimeona niandike maana watu wengi wanauliza "taa gani nzuri" bila kusema wanakaa wapi.

Majina ya kampuni sitaji. Ukienda Mwanjelwa utakuta taa ileile, umbo lilelile, imebandikwa majina matatu tofauti kwenye maduka matatu, sasa jina litakusaidia nini. Nazungumzia aina.

Aina ya kwanza ni balbu ya chaji, ile unayoifunga kwenye holda kama balbu ya kawaida, ndani ina betri ndogo, umeme ukikatika inaendelea kuwaka yenyewe. Ya pili ni taa ya sola ya mkononi ambayo paneli yake imebandikwa mgongoni au juu ya kichwa, ukitaka kuchaji unaitoa taa nzima unaianika nje. Ya tatu ni taa ambayo paneli ni kipande cha pembeni chenye waya wa mita kadhaa, paneli inakaa juu ya bati na taa inabaki ndani, na nyingi za hivi zina tundu la kuchajia simu.

Kabla ya taa yenyewe, jiulize umeme kwako unakatika vipi. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 wote tunaukumbuka, ila tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uwashwe Februari 2024 shida ya kukosa umeme wa kugawana imepungua sana. Kinachotusumbua huku nyanda za juu ni vitu vya karibu, mti umeangukia laini, nguzo imeoza chini ikalala, radi imepiga transfoma, na hivi vinakuja na mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili na wakati mwingine Mei. Sasa kukatika kwa saa moja na kukatika kwa siku tatu kwa sababu transfoma imekufa ni magonjwa mawili tofauti, na dawa yake sio moja.

Nianze na balbu ya chaji maana ndo rahisi, ni shilingi elfu kadhaa tu unaondoka nayo. Kwa umeme wa kukatika saa moja au mbili, sijaona kitu kizuri kuizidi. Huna cha kukumbuka, huna cha kuanika, giza linaingia na taa haizimi, watoto wanaendelea na hesabu zao hata hawanyanyui kichwa. Ila kwenye boksi wameandika wati 12, na hizo wati 12 ni za wakati umeme upo. Umeme ukikatika inashuka, inawaka kwa nguvu ndogo sana, na lazima iwe hivyo kwa sababu betri ya ndani mara nyingi ni ya volti 3.7 na miliampea 1200 hivi. Zidisha, gawa kwa elfu, unapata kama wati-saa nne na nusu, yaani ya kuwasha wati moja kwa muda wa saa nne na nusu. Betri hiyo ingewasha wati 12 kwa dakika ishirini tu, kwa hiyo wanaishusha mpaka wati moja na nusu hivi ili ifike saa tatu.

Na hizo saa tatu ni ikiwa mpya. Yangu ya sebuleni ilianza hivyo, sasa hivi inafika saa moja na kidogo halafu inaanza kufifia. Sababu iko kwenye muundo wake, betri imefungiwa kwenye kikombe kimoja na taa zinazotoa joto, halafu muda wote iko fulu chaji, na betri za lithiamu za aina hii hazipendi vitu viwili hivyo, joto na kukaa fulu muda wote. Kwa hiyo ile unayoiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku inazeeka haraka kuliko ile ya chooni inayowaka dakika kumi. Mi sasa hivi naihesabu kama kitu cha kubadilisha kila baada ya mwaka hivi, na kwa bei yake sio mbaya.

Kuna jambo moja la balbu hizi linachanganya watu sana, na nimeona mtu anarudi nalo dukani kugombana. Umeme umekatika, swichi iko on, balbu haiwaki. Ukiichomoa ukaishika kwa vidole kwenye kitako inawaka! Haijafa. Balbu hii inajuaje kwamba umeme umekatika na sio wewe umezima swichi? Inasikilizia kama kuna njia ya kuzunguka kupitia vitu vingine vilivyochomekwa, friji, tivii, au transfoma kule nje. Ukizima swichi njia inakatika na balbu inazima, sawa. Sasa kama umezima meni swichi, au LUKU imeisha na mita imejifunga, na ndani hamna kitu kingine chochote kilichochomekwa, balbu inaona ni sawa tu na swichi iliyozimwa. Chomeka hata tivii au redio iwe on, mara nyingi inaamka. Na kitu kingine, swichi ikiwa off balbu haichaji, kwa hiyo wale wa kuzima taa mchana kutwa kuokoa uniti halafu jioni umeme unakatika saa kumi na mbili kabla hawajawasha, wanakuta betri ya jana.

Transfoma ikifa siku mbili tatu, balbu hii ni ya jioni ya kwanza tu. Baada ya hapo ni pambo.

Sasa taa ya paneli ya mgongoni. Hii ndo inauzwa zaidi kwa sababu ni ndogo, inabebeka, unaingia nayo bandani, unakwenda nayo chooni, na bei ni ya kati. Shida yake mi naiona ni moja, na haitibiki, nayo ni ukubwa wa paneli. Boksi linaweza kuandika chochote, ila paneli haiwezi kudanganya ukubwa wake. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1000 kwenye eneo la mita moja kwa mita moja, na paneli ya silikoni nzuri inageuza sehemu ndogo tu, chukua asilimia 18 hivi. Ukipiga hesabu, paneli ya sentimita 10 kwa 10 inazunguka wati 2, basi, hata kama imetengenezwa na malaika. Na hizi za mgongoni nyingi ni sentimita 7 kwa 7, yaani wati 1 hivi kwa jua kali. Beba rula ukienda dukani, ni kipimo kizuri kuliko maneno ya muuzaji.

Sasa chukua hiyo wati 1 uipige kwa siku nzima. Asubuhi na jioni jua ni dhaifu, kwa hiyo mi huwa naikusanya siku yote ya kiangazi hapa Uyole kuwa kama saa tano za jua la saa sita. Wati 1 mara saa 5 ni wati-saa 5, halafu kuna kupotea njiani, joto la paneli, kuchaji, kutoa, toa karibu theluthi, unabaki na tatu na nusu. Taa yake kwa mwanga mkali inakula wati 1. Kwa hiyo umeanika siku nzima ya jua safi, unapata saa tatu na nusu za mwanga wa kusomea. Inatosha jioni moja, hamna akiba.

Peleka taa hiyohiyo kwa mama, mwezi wa pili. Kule Rungwe ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini, wingu linaweza kukaa juu ya nyumba tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Siku kama hiyo mi nahesabu saa moja na nusu ya jua, na nikipata zaidi nashukuru. Wati 1 mara 1.5 toa theluthi, unapata wati-saa moja. Saa moja ya mwanga mkali. Mama alikuwa anaiwasha anapopika, wakikaa kula inaanza kukonyeza, akaniambia kwa simu, "mwanangu taa yako hii inapenda kulala mapema kuliko kuku."

Boksi lake limeandikwa saa 24, na sio uongo kabisa, ni saa 24 kwenye mwanga wa mwisho kabisa wa chini, ule wa kuonea mlango ulipo, na betri ikiwa fulu. Ukiona saa nyingi kwenye boksi, uliza ni kwa mwanga upi na ni baada ya siku moja ya jua au betri iliyojazwa kwa umeme.

Halafu kuna mambo ya kuianika. Taa nzima iko nje, ina maana betri nayo iko juani, na ukiiweka juu ya bati mchana wa mwezi wa kumi inachemka haswa, betri inaumia. Ukiiweka uani chini, kuku anaikanyaga, mtoto anaichukua, mvua inakuja ghafla na wewe uko shambani. Ukisema basi niiweke dirishani ndani, kioo kinapunguza, nondo zinatia kivuli, na jua linaingia kwa upande dakika chache tu, unapata nusu au chini ya hapo. Ya kwangu nilikuwa naianika mwenyewe Jumamosi na Jumapili, siku za kazi tunaondoka wote hamna wa kuiangalia. Kilichoiokoa kwa nyumba yangu ni kwamba ina tundu la chaja ya simu pembeni, umeme ukiwepo naichomeka ukutani saa mbili tatu na jua nasahau. Kwa mwenye umeme wa kusuasua, hilo tundu ndo kitu cha kuangalia kwanza kwenye taa ya aina hii, paneli ichukulie kama nyongeza. Kama haina tundu na kwako kuna mawingu, iache dukani.

Ya tatu, paneli ya pembeni. Bei inaruka, ni mara tatu au nne ya ile ya mgongoni, na hapo ndo watu wanakata tamaa. Ila tazama inachofanya. Paneli umeipigilia juu ya bati mara moja, imekaa pale, haiibwi kirahisi, haihitaji mtu nyumbani. Betri iko ndani kivulini haipati joto wala mvua. Na paneli yenyewe ni kubwa, ya mama ni ya wati 3, karibu sentimita 13 kwa 13, ukubwa na maandishi vinakubaliana.

Hiyo paneli tuliipima. Fundi mmoja wa redio pale Mwanjelwa alinionyesha, na ni kitu cha dakika mbili. Unachukua ile mita ya mkononi ya fundi, waya mwekundu unauhamishia kwenye tundu la 10A, unazungusha kwenye ampea za mkondo wa moja kwa moja, paneli unaielekeza jua la saa sita lisilo na wingu, halafu unagusisha ncha za mita kwenye waya mbili za paneli. Paneli ndogo kama hii haiumii kwa kufanyiwa hivyo. Ila hapohapo aliniambia, "kaka, hii ni kwa paneli tu. Ukigusisha hivi kwenye betri au kwenye soketi ya ukutani umeua mita, na mkono wako sijui." Zingatia hilo.

Paneli ya volti 6 iliyoandikwa wati 3 inatakiwa isome karibu ampea 0.5, maana 3 gawa kwa 6. Ya mama ilisoma 0.45, safi, hakuna paneli inayotoa hesabu kamili ya kwenye karatasi. Fundi akatoa nyingine ya bei nafuu iliyokuwa hapo mezani inasubiri kutengenezwa, nayo imeandikwa wati 3 nyuma, ikasoma 0.19. Ina maana hiyo ni paneli ya wati 1 iliyovaa koti la wati 3. Na ukitazama vizuri, ndani ya fremu yake vile vipande vyeusi vilikuwa vyembamba, katikati nafasi nyeupe kibao, sasa usipime fremu, pima vipande vyeusi.

Turudi kwenye hesabu. Kwa 0.45 paneli inatoa wati 2.4 hivi kazini. Uyole kiangazi, mara saa 5, toa theluthi, ni wati-saa nane na zaidi kidogo. Taa yake mwanga mkali unakula wati 1.6, kwa hiyo ni saa tano, na mwanga wa kati ambao kwa kweli unatosha chumba cha kulia ni mara mbili yake. Kwa mama siku ya wingu zito unapata wati-saa mbili na nusu, yaani saa moja na nusu ya mkali au saa tatu za wastani. Saa tatu za wastani zinapika, zinakula, zinaosha vyombo, mtu analala. Na betri yake ni ya wati-saa tisa na nusu, kwa hiyo wingu likifunguka siku moja tu inabeba akiba ya siku mbili zijazo. Hii akiba ndo tofauti kubwa na ile ya mgongoni, sio ukali wa mwanga.

Ila mwezi wa tatu mama akapiga simu, taa haifiki hata saa moja. Nikajua betri. Nilipofika nikaangalia juu, mgomba! Ulikuwa umekua, jani moja limelalia kona ya paneli kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana. Jani moja tu, halijafunika hata robo. Ila vile vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfululizo, umeme unapita kimoja baada ya kingine, kimoja kikiwa gizani kinabana vyote. Kwa hiyo kivuli cha robo hakipunguzi robo, kinaweza kuua karibu yote. Tukakata jani, siku mbili baadaye mama akatuma ujumbe wa kushukuru, "ndaga fijo", taa imerudi kama zamani. Kama una paneli kijijini, tembea uangalie kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, na urudie kila baada ya miezi maana migomba haisubiri mtu.

Upande wa kuielekeza, sisi huku tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la saa sita linakaa upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linapita juu ya kichwa na kuegemea kusini kidogo. Kwa hiyo paneli ilalie kaskazini kidogo tu, kiasi cha maji kutiririka na vumbi kuondoka. Ukiisimamisha sana kama ubao wa tangazo unapoteza, hasa kipindi cha mvua ambapo mwanga unatoka anga lote na sio upande mmoja. Na baridi lisikutishe, paneli inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa ya baridi, jua la Julai na upepo wake wa kukata masikio ni hali nzuri sana kwa sola. Kinachoua ni wingu, ukungu wa asubuhi na vumbi. Vumbi la mwezi wa tisa nafuta na kitambaa chenye maji asubuhi kabla bati halijapata moto.

Kuhusu simu, hapa ndo ugomvi wa familia. Taa ina tundu la kuchajia, kila jirani anakuja na simu. Simu janja ya miliampea 5000 ni kama wati-saa 19. Siku nzima ya jua safi ya Uyole taa imekusanya nane. Kwa hiyo taa hiyo haiwezi kujaza simu janja moja, itafika kama theluthi na wewe ukae giza. Kitochi cha miliampea 1000 ni habari nyingine, kinakula kama wati-saa tano ukihesabu na kinachopotea, unakichaji mara moja na bado una mwanga wa jioni. Kwa mama tulikubaliana kitochi chake tu na mchana tu, jua likiwa linawaka. Shangazi alinuna kidogo, ila alizoea. Mwenye kutaka kuchaji simu janja kila siku kwa sola anahitaji paneli ya wati 10 kwenda juu na betri inayolingana, hiyo sio taa tena, ni mfumo mdogo wa nyumba.

Kilichoharibika kwenye taa ya pembeni mpaka sasa ni waya. Panya wa darini alitafuna sehemu moja, na ile pini inayoingia kwenye taa ililegea ikawa inachaji ukiipinda tu. Taa nyingi zina kataa kadogo kekundu au kijani kanakowaka ikiwa inachaji, kazoee kukaangalia kila asubuhi, kakizima na jua lipo, tikisa pini kwanza kabla hujasema betri. Fundi aliunga na risasi, akavuta gundi ya moto juu, yakaisha kwa bei ya soda chache. Ile ya mgongoni haina waya wa kutafunwa, hiyo ni pointi yake na lazima niseme.

Sasa betri, na hapa usinunue kwa macho. Mwombe muuzaji afungue mfuniko au asome maandishi. Ukiona 3.2V ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, wanaandika LiFePO4, hiyo inavumilia kuchajiwa na kuishiwa zaidi ya mara elfu, ni miaka kadhaa, na haichukii joto kama ndugu yake. 3.7V ni lithiamu kama ya simu, sio mbaya, inaisha mapema zaidi. Ukiona 4V au 6V na taa ni nzito kama jiwe la kusagia, ni betri ya risasi na asidi, na zile taa kubwa zenye redio na mapambo nyingi ni hizo. Betri ya risasi ikiishiwa ikakaa hivyo wiki kadhaa inajifunga ndani na hairudi tena. Kwa mtu wa mjini anayeisahau kabatini mpaka umeme ukatike, hiyo ni hasara ya uhakika. Ya jirani yangu ilikufa hivyo, ina miezi michache tu.

Ukitaka kujua betri yako inazeeka, ijaze mpaka fulu, iwashe mwanga uleule kila ukipima, andika imewaka mpaka saa ngapi. Ikishuka chini ya nusu ya ulivyoinunua na paneli haina kivuli, betri ndo imechoka. Ya mama haijashuka kwa kiasi ninachoweza kukiona. Ya mgongoni imeshuka kidogo. Balbu ndo nimeshaeleza.

Kwa hiyo nikupe mi ninavyonunua. Una umeme na unakatika saa moja mbili, chukua balbu za chaji mbili, moja sebuleni moja jikoni, bas, usihangaike na sola. Una umeme ila ukikatika unakaa siku nzima au zaidi kama wale wa mwisho wa laini huko Isangati au milimani Makete, weka balbu moja na ongeza taa ya mgongoni yenye tundu la chaja, ukisikia radi zinaanza jioni ichomeke mapema. Huna umeme kabisa, na hasa kama uko Rungwe, Busokelo au Mufindi kwenye ukungu, jichange ununue ya pembeni hata kama inachukua miezi miwili kuikusanyia hela. Kuna watu wanasema bora nunua za mgongoni tatu kwa bei hiyohiyo, sikubaliani nao, maana wingu likikaa unakuwa na taa tatu zenye saa moja moja na kazi ya kuanika tatu.

Na kabla hujalipa ingia kwenye simu, fungua verasol.org, tafuta jina na modeli ya taa. Hao wanaorodhesha taa zilizopimwa maabara, wanaonyesha saa za mwanga zilizopimwa huko na sio za kwenye boksi, na taa zilizopita zinatakiwa kuwa na waranti isiyopungua mwaka mmoja. Modeli isipokuwepo haina maana ni mbovu, ila basi rula na mita ya fundi zifanye kazi. Dai risiti yenye tarehe na muhuri wa duka, maana waranti bila risiti muuzaji atakwambia hiyo taa hakuuza yeye, na paneli ijaribu hapohapo nje ya duka, chomeka uone kataa ka chaji kanawaka, ziba paneli kwa mkono kazime, achia kawake tena.